Kubadili neno la taa za neoni kwenye picha ya usiku bila kuua mwanga wake ukutani

Kufuta herufi za neoni na kuandika nyingine si kazi ngumu. Kinachowaumbua wengi ni ukuta. Neno limebadilika, rangi imekaa vizuri, lakini ukiitazama picha kwa sekunde mbili unahisi kibao kimebandikwa. Chanzo mara nyingi ni kimoja: mwanga wa neno la zamani bado umelala pale pale, au umefutwa pamoja na herufi zake na kuacha ubao mweusi usio na uhai.

Tutumie mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Ni banda la chipsi lililopigwa picha usiku, mvua imetoka kunyesha. Juu ya banda kuna ubao mweusi wenye mistari miwili ya taa: CHIPSI kwa bluu, na chini yake KUKU kwa nyekundu. Mwenye banda amebadilisha biashara na anataka picha ya tangazo isomeke CHIPSI MAYAI. Kwenye picha, mwekundu wa KUKU umetapakaa juu ya ubao wenyewe, kwenye ukuta wa plasta ulio chini yake, kwenye lami iliyolowa, na ndani ya dimbwi dogo mbele ya banda. Herufi zina urefu wa pikseli 230 hivi.

Programu ni GIMP, na majina ya menyu ninayotaja ni ya toleo la 2.10. Mwenye Photoshop ataelewa bila shida, kwa sababu hoja yenyewe ni ya mwanga.

Kwanza soma mwanga, usiguse kitu

Mwanga unaotoka kwenye bomba unafika mahali tofauti kwa namna tatu, na kila namna ina matibabu yake.

Ya kwanza ni mng'ao wa karibu. Huu unabeba umbo la herufi. Bomba liko sentimita chache tu mbele ya ubao, kwa hiyo ubao nyuma ya K unaonyesha K ya ukungu. Ongeza hapo mng'ao unaotengenezwa na lenzi yenyewe ya kamera. Huu lazima ubadilike pamoja na neno.

Ya pili ni mwanga uliotapakaa mbali: ukutani, kwenye lami, kwenye mashavu ya mtu anayesubiri oda. Huu haubebi herufi yoyote. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba ukungu wa mwanga kwenye uso fulani unakuwa mpana takriban sawa na umbali kati ya bomba na uso huo. Ukuta ulio sentimita 60 chini ya kibao unapokea doa la ukungu wa sentimita 60 hivi, na herufi ya sentimita 20 haiwezi kuonekana ndani yake. Ukuta unajua tu kwamba kuna mwanga mwekundu, na kiasi chake. Haujui kama ni wa kuku au wa mayai.

Ya tatu ni taswira kama ya kioo: dimbwi, kioo cha kabati la chipsi, tangi la bodaboda. Hapa herufi zinasomeka, zimepinduka, na mtazamaji mwenye macho atazisoma kweli.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kila eneo lenye wekundu ni hili: je, hapa herufi zinaonekana, au ni rangi tu? Penye rangi tu, hutahitaji kujenga kitu upya. Utauacha mwanga wa asili ulivyo, au utaupandisha na kuushusha kidogo.

Pima urefu wa bomba

Mwanga wa mbali unategemea jumla ya bomba linalowaka, basi lipime. Huhitaji tepu. Chukua urefu wa herufi kuwa 1, kisha jumlisha mistari yake. K ina mguu wa 1 na mikono miwili ya karibu 0.78, jumla 2.56. U ni kama 2.34. KUKU nzima inatoka 9.8. Upande wa pili, M ni 3.44, kila A ni 2.47, Y ni 1.67 na I ni 1. MAYAI inatoka 11.05.

Gawanya 11.05 kwa 9.8, unapata 1.13. Neno jipya linatoa mwekundu zaidi kwa asilimia 13, yaani chini ya robo ya stopu moja, ile hatua ya kuongeza mwanga maradufu. Jicho halitaliona hilo kwenye plasta iliyochafuka, na ningeuacha ukuta kama ulivyo. Ingekuwa KARIBU inageuzwa kuwa BAA, hesabu ingeangukia karibu na nusu, na hapo ukuta usioguswa ungesema uongo waziwazi. Nitarudi kwenye hilo.

Angalia pia aina ya taa. Neoni ya kweli ni bomba la kioo lenye gesi, na linamulika pande zote, nyuma pia. Gesi ya neoni yenyewe hutoa mwekundu wa kuelekea chungwa. Bluu kwa kawaida hutoka kwa argoni yenye zebaki kidogo. Lakini taa nyingi za siku hizi zinazoitwa neoni ni ukanda wa LED ndani ya silikoni, wenye mgongo usiopitisha mwanga. Hizo zinamulika mbele, na ubao nyuma yake hupata mwanga kidogo sana. Ukijenga mng'ao mnene nyuma ya ukanda wa LED, umetengeneza taa ambayo haipo. Katika mfano wetu ni kioo, na ubao unawaka.

Andaa faili

Mwanga hujumlika. Taa mbili zikimulika sehemu moja, nguvu zake zinaongezana moja kwa moja. Namba za JPEG haziko hivyo, zimekunjwa ili zilingane na jicho, na ndiyo maana mng'ao uliochorwa juu yake hutoka wa kijivu au kama pamba. Nenda Image > Precision, chagua 32-bit floating point, kisha Linear light. Kama kuna faili la RAW, anza nalo. Rudufu leya ya picha, ifunge, na usiiguse tena, utaihitaji kulinganisha.

Kisha chukua kidole cha rangi (Color Picker) na uandike rangi za bomba la zamani. Kwetu, katikati ya bomba ni karibu R 255, G 205, B 195, yaani waridi linaloelekea weupe. Kamera imezidiwa pale. Ukingo wa bomba ni R 255, G 60, B 45. Hapo ndipo wekundu halisi ulipo. Ubao ulio katikati ya herufi mbili ni wekundu mzito, R 120, G 18, B 22. Anayechora bomba lote kwa rangi moja nyekundu anapata rangi ya mafuta badala ya taa.

Zima KUKU, uache ubao ukiwaka

Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu. Lengo ni ubao ambao mabomba yameondoka, lakini wekundu wa jumla umebaki. Usiupake mweusi.

Fungua leya mpya, uipe jina "ubao safi", chukua Clone ukiwa umewasha Sample merged. Chota kutoka kwenye nafasi kati ya herufi na pembeni mwa neno, ufunike kila bomba pamoja na pikseli 10 hivi kila upande. Chota kwa ulalo tu, kushoto kwenda kulia. Juu kuna bluu ya CHIPSI inayopungua kadiri unavyoshuka, na ukichota kutoka juu utashusha bluu mahali isipotakiwa. Heal hapa naiacha. Inalinganisha rangi na kingo za eneo unalofunika, na kingo hizo zimejaa mwekundu wa bomba, kwa hiyo inaurudisha ule ule uliotaka kuutoa.

Utabaki na ubao wenye mabaka. Chagua eneo lote la neno kwa uteuzi wenye kingo laini za pikseli 20, upitishe Gaussian Blur ya 30 ili mabaka yayeyuke. Mchanga wa kamera umefutika hapo, urudishe kwa Filters > Noise > RGB Noise kidogo kidogo hadi ulingane na pembe ya ubao ambayo hukuigusa. Kama ubao una skrubu au mshono wa mbao, zirudishe kutoka kwenye leya ya asili kwa Clone.

Iwashe tena KUKU kabla ya kuandika MAYAI

Hatua hii wengi wanairuka, na kwangu ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Usichore neno jipya bado. Chora KUKU ile ile, juu ya ubao safi, kwa taa za kutengeneza, mpaka ifanane na ya asili. Unayo picha ya kweli ya kulinganisha nayo. MAYAI haina.

Chukua Paths, pita katikati ya kila bomba la zamani kwenye leya ya asili. Usitumie fonti. Fonti ina sehemu nene na nyembamba, wakati bomba lina unene mmoja na ncha za mviringo. Kisha tengeneza leya nne, kila moja ikiwa na ukubwa wa picha nzima, imejaa rangi nyeusi, na Mode yake ni Addition. Nyeusi haiongezi kitu, kwa hiyo kitaonekana tu utakachochora.

Leya ya kiini: Edit > Stroke Path, mstari wa pikseli 9, ncha za mviringo, rangi ya waridi jeupe, Gaussian Blur ya 1 tu.

Leya ya ukingo: mstari wa pikseli 16, ile nyekundu ya ukingo, ukungu wa 2.

Leya ya mng'ao wa karibu: mstari ule ule mwekundu, ukungu wa 12.

Leya ya mng'ao mpana: mwekundu tena, ukungu wa 60.

Kwa nini miwili ya mwisho isiwe mmoja? Kwa sababu mng'ao wa kweli huanguka kwa kasi karibu na bomba, halafu unaburuta mkia mrefu. Ukungu mmoja wa Gaussian hauna umbo hilo. Ukiwa mwembamba unakata ghafla, ukiwa mpana unageuka moshi. Leya ya ukungu wa 60 itaonekana hafifu mno mwanzoni, maana wino wa pikseli 16 umesambazwa mbali. Ipandishe kwa Colors > Exposure. Zilizozidi zishushe kwa Opacity.

Sasa washa na uzime leya ya asili juu ya kazi yako. Ukiona neno linaruka, tazama linaruka wapi. Likiruka kwenye nafasi kati ya herufi na kuwa jekundu zaidi, ubao wako safi ulibaki na mwekundu mwingi, ushushe. Likiruka kwenye kingo za mabomba, rekebisha ukungu wa 12. Usiamini jicho peke yake: chagua ukanda mwembamba wa ubao unaolizunguka neno bila kugusa bomba lolote, fungua dirisha la Histogram, soma Mean ya Red kwenye ya asili, kisha kwenye nakala ya kazi yako uliyoitoa kwa Layer > New from Visible, kwa sababu Histogram husoma leya moja tu iliyochaguliwa. Zikikaribiana, mapishi yako ni sahihi. Mabomba yenyewe usiyahesabu, kwa sababu kamera ilizidiwa pale na namba zake hazisemi ukweli.

Kama ubao unang'aa, chunguza pia mstari wa pili hafifu chini kidogo ya kila bomba. Hiyo ni taswira ya bomba kwenye rangi ya mafuta ya ubao. Rudufu leya ya ukingo, ishushe pikseli 8, Opacity asilimia 20. Ni kitu kidogo, lakini kikikosekana bomba linaonekana limechorwa ubaoni wakati lilitakiwa lining'inie mbele yake.

Sasa MAYAI

Zihifadhi namba zote za mapishi, futa KUKU ya kutengeneza, chora njia za MAYAI. Kuna tatizo la nafasi. Herufi tano zinataka upana zaidi ya nne: KUKU ilichukua kama mara 3.15 ya urefu wa herufi, MAYAI inataka 3.8. Usiminye neno zima kwa Scale, kwa sababu mabomba yaliyosimama yatakuwa membamba kuliko yaliyolala. Punguza nafasi kati ya herufi, hasa A na Y ambazo zinalaliana vizuri, na uifanye M iwe nyembamba kidogo. Unene wa bomba ubaki pikseli zile zile 9 na 16.

Fikiria pia fundi angelikunja vipi. Bomba la kioo haliishi kwenye kila herufi. Mara nyingi hupita kutoka herufi moja hadi nyingine, na kipande cha katikati hupakwa rangi nyeusi ili kisionekane. Kama KUKU ya asili ilikuwa na vipande hivyo vyeusi na vishikizo vyake, weka viwili vitatu kwenye MAYAI pia, na uhakikishe vinakatiza mng'ao wa bomba kwa mbele. Kibao kikiwa cha pembeni, zigeuze njia kwa Perspective, ukilenga pembe nne za neno la zamani, kabla ya kuzipitishia Stroke Path.

Ukutani zidisha, usijumlishe

Ubao tuliujumlishia mwanga kwa sababu ni mweusi na laini. Ukuta wa plasta ni habari nyingine. Una nyufa, una mikwaruzo, una bango la uchaguzi lililochanika. Ukimwaga rangi nyekundu kwa Addition juu yake, kila ufa unajaa mwekundu na ukuta unaonekana una ukungu mbele yake. Mwanga wa kweli huzidishwa na uso unaoupiga: penye giza unabaki giza, penye chokaa unawaka.

Bahati ni kwamba mwanga wa asili tayari umeshafanya hesabu hiyo. Tunachohitaji ni kuupandisha au kuushusha. Kwa MAYAI, kama unataka ukamilifu, rudufu ukuta, weka Colors > Exposure ya 0.17, kisha maski laini inayofuata doa jekundu. Kwa neno linalopungua nusu, si sahihi kushusha stopu nzima juu ya ukuta wote, maana taa ya barabarani haikupungua. Kwa Levels, shusha Red zaidi, na Green na Blue uzishushe kidogo tu, na ulinganishe na sehemu ya ukuta huo huo ambayo neoni haiifikii. Nusu ya njia kati ya rangi hizo mbili ndiyo unayoitafuta.

Lami iliyolowa usiigope. Inaonyesha michirizi ya wima tu, wala haisomeki. Neno jipya likikaa pale pale lilipokuwa la zamani, michirizi hiyo inaaminika bila kuguswa.

Dimbwi

Hapa KUKU inasomeka kichwa chini, na lazima itoke. Isafishe kama ulivyofanya ubaoni. Kisha chukua leya za kiini na ukingo za MAYAI, ziunganishe kwenye nakala, zipindue juu chini, uzishushe hadi kila herufi ikae wima chini ya mwenzake. Kina cha kushusha kipime kwa CHIPSI ya bluu, ambayo taswira yake bado ipo dimbwini.

Kosa la kawaida hapa ni kiini cheupe. Maji yanarudisha sehemu tu ya mwanga, kwa hiyo kamera haikuzidiwa na taswira. Bomba ambalo kibaoni ni waridi jeupe, dimbwini ni jekundu kamili. Tumia rangi ya ukingo kwa bomba zima, na ushushe nguvu hadi ilingane na wekundu uliokuwa kwenye KUKU ya majini. Kisha Linear Motion Blur ya pembe 90, pikseli 15 hivi, kwa sababu viwimbi vidogo huvuta taswira juu na chini kuliko kando. Jani linaloelea au kokoto lililochomoza lirudishwe juu kwa maski.

Kioo kinachoelekeana na kibao hugeuza kushoto kulia. M, A, Y na I zote zina pande zinazofanana, kwa hiyo hapo unabadili mpangilio wa herufi tu, IAYAM. Mteja angechagua KUKU KIENYEJI ungekuwa na kazi zaidi.

Ukaguzi na kutoa faili

Unganisha kila kitu kwenye nakala, uirudishe kwa Image > Precision kwenye 8-bit integer, ukiruhusu Dithering pale dirisha linapouliza. Bila hiyo, mng'ao mwekundu unaofifia gizani hukatika ngazi ngazi kama pete.

Juu ya nakala hiyo, vuta Exposure hadi +3. Picha itaungua, lakini giza la ubao litafunguka, na hapo mzimu wa K ya zamani utajitokeza kama upo: pembe ya mkono wake, au mstari wa maski uliokatika. Kisha vuta hadi -3. Mabomba ya MAYAI yafifie pamoja na ya CHIPSI. Yakibaki yanawaka peke yake, kiini chako kina nguvu kuliko taa ya jirani, rudi ukishushe. Ukiona mng'ao umekatwa kwa mraba, kuna leya haikuwa na ukubwa wa picha nzima. Layer > Layer to Image Size, kisha urudie ukungu wake.

Tendua Exposure, toa JPEG ya Quality 92 au zaidi. WhatsApp itaibana tena na kurudisha zile pete, kwa hiyo mtumie mteja kama Document.